Kiazi kilipoteza asilimia 20, daftari linasema 25

Mwalimu wa biolojia anapokaa na rundo la madaftari ya jaribio la kiazi, macho yake hukimbilia safu ya mwisho ya jedwali. Wanafunzi wengi huteleza hapo. Vipande vimekatwa vizuri, mizani imesomwa kwa makini, kila safu ina kichwa na kipimo chake, kisha inafika hesabu ya asilimia ya badiliko la tungamo na kazi yote inaingia dosari. Kuliona kosa si kazi kubwa. Kazi ni kujua limeharibu nini na limeacha nini kikiwa salama, maana alama zinapaswa kufuata hilo.

Jaribio lenyewe wengi walilifanya shuleni, au walau waliliona mwalimu akilifanya mbele ya darasa. Kiazi mviringo kinamenywa, kwa kuwa ganda lake halipitishi maji kwa urahisi. Kinakatwa vipande vya umbo na urefu unaolingana, mara nyingi kwa kitobozi cha chuma chenye umbo la bomba, ili unene usipishane. Kila kipande kinapanguswa kwa karatasi laini, kinapimwa, kisha kinazamishwa katika maji yenye sukari ya ukolezi fulani. Kinaachwa humo nusu saa au zaidi, wengine hukiacha usiku kucha, ndipo kinatolewa, kinapanguswa tena na kupimwa mara ya pili. Myeyusho wa moli 1 kwa desimita moja ya ujazo unahitaji gramu 342 za sukari, na maji ya kujazia mpaka ifike lita moja. Darasa linalotaka mililita 100 tu litatumia gramu 34.2, na sukari ya dukani inatosha kabisa. Myeyusho dhaifu zaidi unapatikana kwa kuuongezea huo maji.

Kinachotokea ndani ya bika ni osmosisi. Utando wa seli unaruhusu maji kupita lakini unazuia sukari, kwa hiyo maji huelekea upande ambako yamebanwa zaidi na vitu vilivyoyeyuka. Kipande kikiwekwa katika maji matupu, maji yanaingia ndani ya seli na kipande kinakuwa kizito na kigumu. Kikiwekwa katika sukari nyingi, maji yanatoka na kipande kinalegea, hata ukikishika kwa ncha moja kinapinda. Kati ya hali hizo mbili kuna ukolezi mmoja ambapo kipande hakiongezeki wala hakipungui. Kuupata huo ndilo lengo la jaribio zima.

Tuchukue basi jedwali hili la mfano, nililolitengeneza kwa kufuata namna kiazi kinavyofanya kwa kawaida. Mwanafunzi amejaza safu zote tano.

| Ukolezi wa sukari (moli/dm³) | Tungamo la awali (g) | Tungamo la mwisho (g) | Badiliko (g) | Badiliko (%) |
|---|---|---|---|---|
| 0.0 | 2.50 | 2.95 | +0.45 | +15.3 |
| 0.2 | 2.40 | 2.58 | +0.18 | +7.0 |
| 0.4 | 2.60 | 2.47 | −0.13 | −5.3 |
| 0.6 | 2.50 | 2.15 | −0.35 | −16.3 |
| 0.8 | 2.45 | 1.96 | −0.49 | −25.0 |
| 1.0 | 2.60 | 1.95 | −0.65 | −33.3 |

Ukilitazama haraka, halina tatizo. Namba zinashuka kwa mpangilio, ishara za chanya na hasi ziko mahali pake, desimali zinalingana katika kila safu. Msahihishaji aliyechoka atapiga tiki na kufungua ukurasa unaofuata, na hatalaumiwa sana, kwani kosa la aina hii halijitangazi. Lakini kila namba katika safu ya mwisho si sahihi.

Tuanze na mstari wa 0.8, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi. Kipande kilianza na gramu 2.45 kikapoteza gramu 0.49. Asilimia 10 ya 2.45 ni 0.245. Ukiiongeza maradufu unapata 0.49 kamili, yaani asilimia 20. Daftari linasema 25. Hiyo tano ya ziada imetoka wapi? Chukua badiliko, gramu 0.49, uligawanye kwa 0.25, ambayo ndiyo asilimia 25 ikiandikwa kwa desimali. Unapata 1.96. Sasa angalia safu ya tatu ya mstari huohuo: 1.96 imekaa pale, ndiyo tungamo la mwisho. Mwanafunzi amegawanya badiliko kwa uzito ambao kiazi kilikuwa nao baada ya kutolewa kwenye sukari, wakati alipaswa kugawanya kwa uzito kilioingia nao.

Njia hii ya kurudi nyuma ni nzuri kuliko kukokotoa upya mistari yote sita. Badiliko ukiligawanya kwa asilimia iliyoandikwa, linakuonyesha namba ambayo mwanafunzi aliitumia, na namba hiyo karibu kila mara utaikuta mahali fulani kwenye jedwali lake mwenyewe. Jaribu mstari wa kwanza: 0.45 ukigawanya kwa 0.153 inakuja karibu 2.94, na tofauti ndogo na 2.95 inatokana na kukadiria desimali. Mistari miwili ikionyesha jambo moja, huna haja ya kuendelea. Si bahati mbaya ya kidole kwenye kikokotoo, ni kanuni aliyoishika vibaya, na ameitumia kwa uaminifu mkubwa kutoka juu mpaka chini.

Kanuni sahihi ni hii:

```
asilimia ya badiliko = (tungamo la mwisho − tungamo la awali) ÷ tungamo la awali × 100
```

Kwa kanuni hiyo safu ya mwisho ingekuwa +18.0, +7.5, −5.0, −14.0, −20.0 na −25.0.

Kwa nini mtoto agawanye kwa namba ya mwisho? Sababu moja ni ya mpangilio tu. Katika jedwali, tungamo la mwisho limekaa ubavuni mwa badiliko, na la awali liko mbali kidogo, hivyo jicho linaokota lililo karibu. Sababu nyingine ni ya ndani zaidi. Asilimia aliyoizoea tangu darasa la msingi ni ile ya mtihani, alama alizopata juu ya alama zote, na kichwani mwake "zote" ni kile kinachobaki mwishoni baada ya mambo kukamilika. Hajaambiwa kwamba hapa anaulizwa swali jingine: kiazi kimebadilika kiasi gani ukilinganisha na kilivyokuwa?

Mfanyabiashara wa sokoni analielewa jambo hili bila kuandikiwa kanuni. Akinunua mfuko wa viazi kwa shilingi 20,000 na kuuza kwa 25,000, faida yake ni 5,000. Ukilinganisha na fedha aliyotoa mfukoni, hiyo ni asilimia 25. Ukilinganisha na fedha aliyopokea, ni asilimia 20. Shilingi ni zilezile elfu tano, lakini anayetaka kujua mtaji wake umekua kiasi gani anaanzia kwenye fedha aliyoitoa, na katika hesabu za darasani faida kwa asilimia hutafutwa kwa kugawanya kwa bei ya kununulia. Mwanafunzi aliyeshika vizuri somo la faida na hasara anaweza kuelekezwa kwa njia hiyo na akaelewa kwa dakika mbili.

Pengine mtu atauliza asilimia ina haja gani, kwa nini tusiache gramu zilivyo. Jibu liko kwenye safu ya pili ya jedwali. Vipande havikuanza sawa: kimoja kilikuwa na gramu 2.40, vingine viwili 2.60. Hata kitobozi kizuri na rula nzuri haviwezi kukupa vipande sita vinavyolingana kabisa. Kipande kikubwa kina seli nyingi, kwa hiyo kitanywa au kitatoa maji mengi zaidi hata kama kila seli imefanya kazi ileile. Fikiria kipande cha gramu 2 kilichoongezeka gramu 0.20, na kingine cha gramu 4 kilichoongezeka gramu 0.30. Kwa gramu, cha pili kimeshinda. Kwa asilimia, cha kwanza kimeongezeka 10 na cha pili 7.5 tu. Kuligawanya badiliko kwa tungamo la awali kunaondoa tofauti iliyokuwepo kabla jaribio halijaanza. Ukigawanya kwa la mwisho, unagawanya kwa namba ambayo osmosisi yenyewe imeshaigusa, na kipimo chako kinapanda na kushuka pamoja na kile unachotaka kukipima.

Kupanda na kushuka huko kuna mwelekeo, na hapo ndipo kosa hili linapopendeza kulichunguza. Kipande kilichonywa maji kina tungamo la mwisho kubwa kuliko la awali. Ukigawanya kwa namba kubwa, jibu linakuwa dogo: ongezeko la 18 limeandikwa 15.3. Kipande kilichopoteza maji kina tungamo la mwisho dogo, na ukigawanya kwa namba ndogo jibu linavimba: upungufu wa 25 umeandikwa 33.3. Kwa hiyo kosa hili halisogezi namba zote upande mmoja kwa kiasi kimoja. Linapunguza ongezeko na kukuza upungufu, na kadiri badiliko lilivyo kubwa ndivyo uongo unavyokuwa mkubwa. Kwenye mstari wa 0.4, ambako badiliko ni dogo, tofauti ni ya pointi 0.3 tu. Kwenye mstari wa 1.0 imefika zaidi ya pointi 8.

Sasa twende kwenye grafu, kwa kuwa jedwali linajazwa kwa ajili yake. Ukolezi unakaa kwenye mhimili wa mlalo na asilimia kwenye mhimili wa wima, sifuri ikiwa katikati ili kuwe na nafasi ya chanya juu na hasi chini. Mstari unashuka kutoka kushoto kwenda kulia, na mahali unapoikata sifuri ndipo ukolezi tunaoutafuta ulipo. Kwa namba sahihi, mstari kati ya 0.2 na 0.4 unashuka kutoka +7.5 hadi −5.0, na unaikata sifuri penye 0.32. Kwa namba za mwanafunzi wetu unashuka kutoka +7.0 hadi −5.3, na unaikata penye 0.31. Kwenye karatasi ya grafu tofauti hiyo ni ndogo kuliko upana wa ncha ya penseli isiyochongwa.

Hili linawashangaza hata baadhi ya walimu. Safu nzima imekosewa, na bado jibu kuu la jaribio limebaki karibu palepale. Sababu yake ni rahisi ukiitafakari. Pale ambapo kiazi hakijabadilika, badiliko ni sifuri, na sifuri ukiigawanya kwa tungamo la awali au la mwisho inabaki sifuri. Kosa halina nguvu mahali hapo. Pia halibadili ishara, kwani tungamo lolote ni namba chanya: kilichoongezeka kitaonekana kimeongezeka, kilichopungua kitaonekana kimepungua.

Kilichoharibika ni mkia wa grafu. Angalia namba sahihi kuanzia 0.4 na kuendelea: kutoka −5 kwenda −14 ni hatua ya pointi 9, kutoka hapo kwenda −20 ni 6, kisha 5. Hatua zinafupika, mstari unaanza kulala. Kwa namba za mwanafunzi hatua ni 11, kisha 8.7, kisha 8.3, na mstari wake unateremka karibu kama mteremko wa paa. Kulala kwa mkia ndiko kunakoeleza hali ya seli. Maji yakishatoka mengi, utomvu unaobaki ndani ya seli nao unakuwa mzito, kwa hiyo kila nyongeza ya sukari nje inavuta maji machache kuliko iliyotangulia. Utando unajivua kutoka kwenye ukuta wa seli, na nafasi inayoachwa kati yao inajazwa na myeyusho uleule wa nje, jambo linalorudisha uzito kidogo. Ukuta wenyewe haukunjamani kama puto. Mwanafunzi aliyekuza upungufu kwa kugawanya vibaya ameipoteza habari hiyo yote. Ataandika kwamba kiazi kinaendelea kutoa maji karibu kwa kiwango kilekile kadiri sukari inavyoongezwa, naye atakuwa anasoma grafu yake kwa usahihi kabisa.

Basi alama zitolewe vipi? Tuseme kazi hii ina alama 10. Vichwa vya safu pamoja na vipimo vina alama 1, usomaji wa mizani kwa desimali zinazolingana 1, badiliko la gramu lenye ishara sahihi 1. Asilimia zina alama 2, moja ya njia na moja ya usahihi wa hesabu. Grafu ina 3, usomaji wa mahali inapoikata sifuri 1, na maelezo ya kwa nini maji yaliingia au yalitoka 1.

Kuna msahihishaji anayeshika karatasi ya majibu mkononi na kulinganisha namba kwa namba. Huyo atafuta asilimia zote, alama 2 zimeondoka. Nukta za grafu hazilingani na zake, imeondoka moja. Sifuri imesomwa 0.31 na karatasi yake inasema 0.32, nyingine imeondoka. Maelezo ya mkia hayafanani na aliyoyatarajia, basi na hiyo. Mwanafunzi anabaki na 5 kwa kosa moja aliloadhibiwa mara nne. Mimi sikubaliani na usahihishaji wa namna hiyo. Kosa ni moja, lilitokea mahali pamoja, na baada ya hapo kijana hakukosea tena.

Utaratibu unaofaa ni kumkata pale alipokosea, kisha kumfuata kwa namba zake mwenyewe. Alama ya njia inaondoka, kwa kuwa amegawanya kwa tungamo lisilo lake. Alama ya usahihi anaipata, kwa sababu ukikubali kigawanyo chake, mistari yote sita imekokotolewa na kukadiriwa sawasawa, na hili uhakikishe kwa kujaribu mistari miwili au mitatu. Nukta za grafu unazilinganisha na jedwali lake, si na lako. Sifuri unaisoma kwenye mstari aliouchora yeye. Maelezo yake yakisema kwamba maji yalitoka kwa sababu nje kulikuwa na sukari nyingi kuliko ndani, ni sahihi na hayategemei asilimia hata moja.

Kumfuata huko kuna mpaka wake. Namba ikifika mahali ambapo haiwezekani kabisa, mwanafunzi alipaswa kushtuka. Kwa kanuni yake, kipande kilichopoteza nusu ya tungamo lake kitaandikwa kimepoteza asilimia 100, yaani hakipo tena, huku kikiwa kimelala kwenye sahani mbele yake. Kikipoteza zaidi ya nusu, asilimia itavuka 100. Katika jedwali letu halijatokea hilo. Lingetokea, ningemnyima na alama ya usahihi, kwani mwanasayansi mchanga anapaswa kulitazama jibu lake na kujiuliza kama linaingia akilini.

Linganisha na mwanafunzi mwingine, ambaye amegawanya kwa tungamo la awali kama inavyotakiwa, lakini kila mara ametoa namba ndogo kutoka kubwa. Safu yake inasomeka 18.0, 7.5, 5.0, 14.0, 20.0, 25.0. Ukizitazama namba zenyewe, hakuna hata moja iliyokosewa. Lakini ishara zimepotea, na grafu yake inashuka mpaka 0.4 kisha inapanda tena, bila kuigusa sifuri hata mara moja. Hana mahali pa kusoma jibu. Atalazimika kusema kiazi kilichokuwa kwenye sukari nyingi kimevimba kuliko kilichokuwa kwenye maji matupu, wakati vidole vyake mwenyewe vilihisi kimelegea. Huyu anapoteza alama ya badiliko, moja kati ya mbili za asilimia, ya sifuri na ya maelezo. Anabaki na 6. Mwalimu anayehesabu namba zilizokosewa atampendelea huyu wa pili. Anayeangalia kilichoharibika atamweka nyuma ya wa kwanza, na ndivyo inavyostahili.

Makosa mengine mawili ni ya kutambulika kwa mbali. Safu ikiwa na namba kama 118, 107.5, 95 na 86, mwanafunzi amegawanya tungamo la mwisho kwa la awali na kuzidisha kwa 100 bila kutoa kwanza. Hapo umbo la grafu halijaharibika hata kidogo, limepandishwa juu tu, na ukitoa 100 kila mstari unarudi kwenye namba sahihi. Safu ikiwa imejaa namba zinazokaribia −97 na −98, tatizo ni mabano. Ameandika kwenye kikokotoo au kwenye kompyuta hivi:

```
=C2-B2/B2*100
```

Mashine inagawanya na kuzidisha kabla ya kutoa, hivyo inafanya 2.95 kutoa 100 na kumpa −97.05. Alipaswa kuandika:

```
=(C2-B2)/B2*100
```

Kosa la namna hii linaonyesha zaidi kwamba mwanafunzi hakulitazama jibu. Kiazi kilichovimba mbele ya macho yake hakiwezi kuwa kimepoteza karibu uzito wake wote.

Jambo moja ambalo msahihishaji asithubutu kulifanya ni kugusa safu ya pili na ya tatu. Hizo ni habari zilizotoka kwenye mizani. Hata kama tungamo moja linaonekana la ajabu, pengine kipande hakikupanguswa vizuri na tone la maji likapimwa pamoja nacho, namba hiyo inabaki kama ilivyosomwa. Mwanafunzi anaweza kuambiwa aitaje kuwa haifuati mwelekeo wa zingine na arudie kipande hicho. Kumkata alama kwa sababu kiazi hakikutii kitabu ni kumfundisha kupika matokeo, na wanafunzi hujifunza hilo haraka sana.

Na ikitokea kwamba tungamo halikuandikwa, zimebaki asilimia tu za mwanafunzi aliyegawanya vibaya, bado zinaokolewa. Upungufu wa 25 unagawanywa kwa 125, unapata 0.20, yaani asilimia 20. Ongezeko la 15.3 linagawanywa kwa 100 kutoa 15.3, ambayo ni 84.7, na linakuja asilimia 18. Upungufu unaongezwa juu ya mia, ongezeko linatolewa.

Kwenye ukingo wa daftari, mwalimu asiandike "kosa" na kuishia hapo. Ni afadhali amwambie mwanafunzi afanye jaribio dogo la kurudi nyuma kwenye mstari wa 0.8: ulianza na gramu 2.45, unasema kiazi kimepoteza asilimia 25, basi ondoa asilimia 25 ya 2.45 uone kinabaki nini. Atapata gramu 1.84. Mizani yake mwenyewe ilisoma 1.96. Hapo hahitaji kuambiwa na mtu kwamba amekosea, jedwali lake limemwambia. Akijaribu tena kwa asilimia 20, itabaki 1.96 kamili.

Kuhusu 0.31 aliyoisoma kwenye grafu, ipewe alama yake, lakini atakayeandika kwamba ndani ya kiazi mna sukari ya kiasi hicho aongezewe neno. Utomvu wa seli za kiazi una chumvi na vitu vingine vingi mbali na sukari. Jaribio linasema tu kwamba, vyote vikichanganywa, kiazi kile kinayavuta maji kwa nguvu sawa na myeyusho wa sukari wa karibu moli 0.3. Kiazi kingine, kilichokaa ghalani muda mrefu zaidi au kilichokauka kidogo, kinaweza kutoa namba nyingine, na darasa la jirani likipata tofauti na lenu si lazima mmoja wenu awe amekosea.

Daftari letu, kwa hesabu hiyo, linapata 9 kati ya 10. Alama moja imeondoka kwa ajili ya kigawanyo, na mwenye daftari aandike upya safu ya mwisho na kuchora tena mkia wa grafu kabla ya kuingia kwenye kipindi kijacho.